Kwa nini kitasa hukaa mbali na bawaba

Masika yaliyopita nilikuwa Tanga kwa mama, na mlango wa chumba cha nyuma haukuwa na kitasa. Kilikuwa kimeharibika, fundi akakitoa akaenda kutafuta kingine, na kwa siku tatu mlango ukabaki ubao mtupu wenye tundu. Mpwa wangu wa miaka minane alitaka kuingia kuchukua daftari lake. Akaegemeza viganja vyote viwili kwenye mlango, karibu na upande wa bawaba kwa sababu upande wa pili palikuwa na ndoo ya maji, akasukuma mpaka miguu ikateleza.

"Mjomba, mlango umekataa."

Nikasogeza ndoo, nikamwambia aje asukume pale kwenye tundu la kitasa. Ukaenda, kwa kulalamika, ukikwaruza sakafu. Akaurudisha, akajaribu tena upande wa bawaba. Ukakataa. Akarudi kwenye tundu, ukaenda. Kisha akauliza swali ambalo watu wazima tumeacha kuliuliza: "Mbona ni mlango ule ule?"

Mlango ni ule ule kweli, na mtoto ni yule yule, na hata nguvu zake hazikubadilika. Kilichobadilika ni umbali kati ya mikono yake na bawaba. Kwa kuwa mlango ule ulikuwa mgumu isivyo kawaida, ulikuwa kifaa kizuri cha kupimia. Mlango unaoteleza vizuri hukuficha jambo hili, kwa sababu popote unapousukuma unakwenda.

Mama ana mizani ndogo ya kidijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Mlango hufunguka kwa ndani, na ulikuwa unasubiri kupakwa rangi upya, kwa hiyo hakuna aliyenikataza kupigilia skrubu tatu ndogo kwa upande wa chumbani, zote katika kimo kimoja. Ya kwanza niliiweka sentimita 75 kutoka kwenye mstari wa bawaba, karibu na tundu la kitasa. Ya pili sentimita 50. Ya tatu sentimita 25. Kisha nikafunga mlango, nikatundika ndoano ya mizani kwenye skrubu moja, na kuivuta polepole, nikiielekeza moja kwa moja kuja kwangu, huku mpwa wangu akisoma namba mpaka mlango ulipoanza kusogea.

Kwenye sentimita 75 mlango ulianza kusogea mizani iliposoma kilo 4. Kwenye sentimita 50, kilo 6 na kidogo. Kwenye sentimita 25, karibu kilo 12. Tulirudia kila kipimo mara kadhaa, na namba zilipishana kidogo kama inavyotarajiwa kwa kitu kinachokwaruza sakafu, lakini mwelekeo haukubadilika.

Sasa zidisha kila namba kwa umbali wake. Nne mara 75 ni 300. Sita mara 50 ni 300. Kumi na mbili mara 25 ni 300. Mlango haukujali nguvu peke yake, wala umbali peke yake. Ulikuwa unadai kitu kimoja kila mara, nao ni nguvu ikizidishwa kwa umbali, na kitu hicho ulikidai kwa kiasi kile kile. Ukisogea karibu na bawaba kwa nusu ya umbali, unatozwa nguvu maradufu. Ukisogea mpaka ukabaki na theluthi ya umbali, unatozwa mara tatu.

Zao hilo ndilo wanafizikia wanaloliita momenti ya kani, na wengine huliita torki. Vitabu vya sayansi vya shule huita nguvu ya kusukuma au kuvuta kani, na huipima kwa nyutoni. Uzito wa kilo moja ni karibu nyutoni 10, kwa hiyo kilo 4 za mizani ni nyutoni 40, na sentimita 75 ni mita 0.75. Arobaini mara 0.75 ni 30, basi mlango wa mama ulikuwa unahitaji momenti ya nyutoni mita 30 ili uanze kuzunguka. Kani ndiyo inayokisogeza kitu, lakini kitu kilichofungwa mahali pamoja hakiwezi kwenda popote ila kuzunguka mahali pale, na kwa kuzunguka, hesabu inayohusika ni momenti.

Lakini kusema "zidisha" ni kutoa kanuni bila kutoa sababu, na mpwa wangu hakuridhika. Kwa nini umbali uwe na thamani kama ya nguvu? Mimi naona jibu zuri linaonekana ukiacha kutazama mlango uliofungwa na kuutazama ukiwa unazunguka.

Tulichukua chaki. Nikaishika mkononi kwenye sentimita 75, chini ya mlango, na kuuzungusha kutoka kufungwa mpaka kufunguka robo duara. Chaki ikachora upinde sakafuni. Kisha nikafanya vile vile kwenye sentimita 25. Upinde wa kwanza ulikuwa mrefu, kama sentimita 118 tukiupima kwa kamba. Wa pili ulikuwa sentimita 39 tu. Mlango umefunguka kwa kiasi kile kile mara zote mbili, na kona yake imekwaruza sakafu urefu ule ule, lakini mkono ulioko mbali umesafiri mara tatu ya mkono ulioko karibu.

Hapo ndipo siri ilipo. Kukwaruza sakafu kuna gharama yake, na gharama hiyo haipungui kwa sababu wewe umesimama mahali pengine. Mtu anayesukuma kwenye kitasa huilipa kwa safari ndefu na nguvu ndogo: kilo 4 kwa sentimita 118. Anayesukuma karibu na bawaba amejinyima safari, ana sentimita 39 tu za kulipia deni lile lile, kwa hiyo katika kila sentimita lazima aweke nguvu mara tatu. Zidisha kilo 4 kwa 118 upate 472, kisha 12 kwa 39 upate 468, ambazo ni sawa ukiondoa kukadiria kwetu. Kitasa hakikupi nguvu za bure. Kinakupa nafasi ya kuulipa mlango pole pole, kama mtu anayelipa deni kwa awamu nyingi ndogo badala ya chache kubwa.

Ndiyo maana ukisukuma mlango sentimita moja kutoka kwenye bawaba unahisi kana kwamba unasukuma ukuta. Mkono wako hauna pa kwenda. Mlango wote wenye upana wa sentimita 80 ungezunguka robo duara, na mkono wako ungesogea sentimita moja na nusu tu. Na ukisukuma juu ya bawaba yenyewe, safari ni sifuri, basi hata nguvu za trekta hazitaufungua. Zitavunja bawaba kwanza.

Watu wengi wakishaelewa umbali hudhani kila umbali unahesabika, na hapo huteleza mara mbili.

Mara ya kwanza ni kimo. Kitasa huwekwa karibu mita moja kutoka sakafuni, na nimewahi kuulizwa kama kingekuwa juu zaidi au chini zaidi mlango ungekuwa mwepesi au mzito. Hapana. Mlango unazunguka kwenye mstari uliosimama wima unaopita katikati ya bawaba zote, na umbali unaohesabika ni ule wa kutoka kwenye mstari huo, kwenda pembeni. Kupanda juu au kushuka chini hakukutoi mbali na mstari wala hakukusogezi karibu nao. Kimo cha mita moja kimechaguliwa kwa ajili ya kiwiko cha binadamu. Jaribu mwenyewe: sukuma ukingo wa mlango kwa kidole usawa wa goti, kisha usawa wa kichwa. Utaona ugumu ni ule ule, isipokuwa mlango ni mwembamba kiasi cha kujipinda.

Mara ya pili ni mwelekeo. Nilifunga kamba kwenye skrubu ya sentimita 75 na kuivuta mshazari, nikielekea upande wa bawaba, kiasi kwamba kamba ilifanya na uso wa mlango pembe ya nyuzi 30, yaani theluthi ya pembe mraba. Mizani ilisoma karibu kilo 8 badala ya 4. Nilipozidi kuilaza kamba mpaka ikakaribia kuulalia mlango wenyewe, nikivuta kuelekea kwenye bawaba, mlango haukusogea hata kidogo, ingawa nilikuwa navuta kwa nguvu na mahali pale pale pa kitasa.

Kwa hiyo umbali unaohesabika haukuwa sentimita 75 kila mara. Unatakiwa uufikirie mstari wa kamba ukiendelea pande zote mbili bila kukoma, kisha uulize: mstari huu unapita mbali kiasi gani na bawaba? Ukivuta moja kwa moja kuja kwako, mstari unapita sentimita 75 kutoka kwenye bawaba. Ukivuta kwa mshazari wa nyuzi 30, mstari unapita sentimita 37 na nusu tu kutoka kwenye bawaba, na nane mara 37.5 inarudi kuwa 300 ile ile. Ukivuta kuelekea bawaba yenyewe, mstari unapita ndani yake, umbali ni sifuri, na momenti ni sifuri. Fundi wa magari analijua hili kwa mkono: anapofungua nati ngumu anaiweka spana ikae pembe mraba na mkono wake, na ikishindikana anaingiza kipande cha bomba kwenye mpini ili kuuongezea urefu.

Sasa mtu atauliza, kama umbali ni faida, mbona kitasa hakikai kwenye ukingo wenyewe wa mwisho? Kwa kawaida huachwa sentimita tano au sita kutoka ukingoni. Sababu si za momenti tena. Ndani ya ubao lazima likae sanduku la kufuli, na ulimi wake unahitaji mbao imara za kuushika. Pia vidole vinavyoshika kitasa vingekwaruzwa na mwimo kila ukifunga. Ukipoteza sentimita 5 kati ya 80, unalazimika kuongeza nguvu kidogo sana, kama kilo 4 kuwa kilo 4 na robo. Ni bei ndogo. Ukipoteza sentimita 40, yaani ukiweka kitasa katikati, nguvu inakuwa maradufu. Hapa nina malalamiko na ile milango ya vioo ya maofisi ambayo imewekewa bomba refu linalokatiza mlango mzima kutoka bawaba mpaka ukingoni. Bomba halimwambii mgeni asukume wapi, bawaba zimefichwa, na mzee wa watu anasimama anasukuma upande usio sahihi akidhani mlango umefungwa. Kitasa kinafanya kazi mbili: kinashikwa, na kinakuonyesha mahali penye umbali.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii ambao ni wa hatari, nao niliufahamu utotoni kabla ya kujua jina la momenti. Tulikuwa na mkungu uani, na kungu likishaliwa nyama yake ya nje linabaki kokwa gumu lenye mbegu tamu ndani. Wenzetu walilipasua kwa mawe. Sisi tuligundua kwamba ukiliweka kokwa kwenye uwazi kati ya mlango na mwimo, upande wa bawaba, kisha ukaufunga mlango taratibu kwa kuusukuma kwenye kitasa, linapasuka kama biskuti. Hatukuhitaji kubamiza. Mkono mmoja wa mtoto ulitosha.

Hesabu yake ni ile ile ikiwa imegeuzwa. Sukuma kitasa kwa nguvu ya kilo 3 tu, kwenye sentimita 75. Umeweka momenti ya 225. Kokwa liko sentimita moja kutoka kwenye bawaba, na ndilo linaloizuia momenti hiyo isizungushe mlango. Ili kuizuia kwa sentimita moja tu ya umbali, lazima lisukume kwa nguvu ya kilo 225, na mlango unalisukuma vivyo hivyo. Huo ni uzito unaozidi magunia mawili ya kilo mia mia, umetokana na mkono usiotoka hata jasho.

Badala ya kokwa, weka kidole cha mtoto. Mtu mzima anafunga mlango bila haraka, bila hasira, hahisi lolote mkononi mwake kwa sababu kwake ni kilo 3 za kawaida, na upande ule mwingine mfupa unavunjika. Wazazi huwaonya watoto kuhusu ukingo wa kitasa, ambako mlango hubamizwa na upepo. Huko nako kuna maumivu, lakini mahali pabaya zaidi ni kule kwenye bawaba, ambako mlango unasogea polepole na hauonekani kuwa na nia mbaya. Nyumbani kwangu nimeweka kipande cha mpira juu ya mlango wa chumba cha watoto ili usifungike kabisa wanapocheza, na naomba kila mwenye mtoto anayetambaa afanye hivyo au atafute namna yake.

Mchezo wetu wa kungu uliishia bawaba kupinda na skrubu kuchomoka. Sikuelewa kwa nini mpaka baadaye sana. Kokwa lilipokuwa likisukumwa kwa kilo 225, kitu fulani kilikuwa kinashikilia mlango upande wa pili ili usiruke nje, na kitu hicho kilikuwa bawaba. Nguvu yote kubwa uliyoitengeneza kwa umbali inapita kwenye skrubu zake.

Hilo linanirudisha Tanga, kwa mlango uliokuwa unakwaruza. Mimi nilikuwa na hakika kwamba ni masika: mbao imekunywa unyevu, imevimba, na dawa yake ni kuupunguza kwa randa upande wa chini. Fundi aliporudi na kitasa kipya alinisikiliza kwa adabu, kisha akapiga goti akaangalia sakafu.

"Kaka, mbao haivimbi kwa urefu," aliniambia. "Inavimba kwa upana."

Alikuwa sahihi. Ubao ukinywa unyevu hutanuka kukatiza nyuzi zake, na kwa kufuata nyuzi hutanuka kidogo mno hata haupimiki kwa rula. Nguzo mbili za pembeni za mlango zimesimama wima, nyuzi zake zinakwenda juu na chini, kwa hiyo mlango uliovimba hubana kwenye mwimo wa upande wa kitasa, kwa urefu wake wote. Wa mama haukubana huko kote. Ulikuwa unakwaruza kwa kona moja tu, ile ya chini ya upande wa kitasa, na umeshachora upinde mweupe sakafuni. Fundi akanionyesha na uwazi wa kuzunguka mlango. Upande wa bawaba, juu, uwazi ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha kidole, na chini ulikuwa umebana. Upande wa kitasa ilikuwa kinyume, kona ya juu ilikuwa inaugusa mwimo. Mwishowe akaushika mlango ukingoni kwa mikono miwili, akaunyanyua. Ukapanda kama sentimita moja, na bawaba ya juu ikacheza mbele ya macho yetu. Mlango haukuvimba. Ulikuwa umeinama.

Uzito wa mlango nao ni nguvu yenye umbali, ila safari hii inauzungusha kuelekea chini. Chukulia mlango ule una kilo 30 na upana wa sentimita 80. Uzito wote ni kana kwamba umening'inia katikati yake, sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Momenti yake ni 30 mara 40, yaani 1200, na inataka kuupindua mlango ukae kama mtu aliyelala ubavu. Kinachoizuia ni bawaba mbili: ya juu inauvuta mlango kuuelekeza kwenye mwimo, ya chini inausukuma utoke. Bawaba hizo zilikuwa zimeachana sentimita 160. Gawanya 1200 kwa 160 upate 7.5. Basi skrubu za bawaba ya juu zinavutwa kwa kilo 7 na nusu, usiku na mchana, hata kama hakuna anayeugusa mlango. Skrubu za bawaba ya chini hazivutwi, zinakandamizwa tu. Ndiyo maana mlango ukianza kuchoka, karibu kila mara bawaba ya juu ndiyo inayolegea kwanza.

Kilo 7 na nusu si kitu kwa skrubu zilizokazwa kwenye mbao nzuri. Fundi akauliza kama kuna mtoto anayening'inia kwenye kitasa. Mpwa wangu akatazama pembeni. Alikuwa na mchezo wake: anashika kitasa huku na huku kwa mikono miwili, ananyanyua miguu, na mlango unambeba mpaka ukutani. Ana kilo 24, na anazining'iniza kwenye sentimita 75. Hiyo ni momenti ya 1800. Gawanya kwa 160, na bawaba ya juu inaongezewa zaidi ya kilo 11.

Angalia namba hizo kwa makini, kwa sababu mimi zilinishangaza. Mtoto ni mwepesi kuliko mlango, lakini anaitesa bawaba ya juu kuliko mlango wote unavyoitesa, kwa kuwa uzito wa mlango uko nusu ya njia na wa kwake uko mwisho wa njia. Umbali ule ule unaomsaidia kuufungua mlango kwa kidole ndio unaomsaidia kuung'oa. Mikoba na makoti mazito yanayotundikwa kwenye kitasa yanafanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo, siku zote.

Milango ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilikabiliana na uzito mkubwa zaidi ya huu, kwa kuwa ni mbao nene zilizopigiliwa njumu za shaba. Milango hiyo ina vipande viwili vinavyokutana katikati, kwenye ule ubao uliosimama unaoitwa mfaa. Ukigawa mlango mmoja katika vipande viwili, kila kipande kinabeba nusu ya uzito, na uzito huo unakaa nusu ya umbali wa mwanzo kutoka pale unapozungukia. Nusu mara nusu ni robo. Kila upande unavutwa kwa robo tu ya momenti ambayo mlango mmoja mpana ungeleta. Zaidi ya hapo, mingi ya milango hiyo haikutundikwa kwa bawaba za skrubu. Kila kipande kina ncha juu na chini zinazozunguka ndani ya matundu, na uzito wake unakaa kwenye tundu la chini badala ya kuning'inia.

Fundi wetu hakushika randa kabisa. Alilaza jiwe bapa sakafuni, akapitisha kipande cha mbao juu yake mpaka chini ya kona iliyoinama, na kwa kukanyaga mwisho wa pili wa mbao hiyo akaunyanyua mlango wenye kilo 30 kwa mguu mmoja, huku mpwa wangu akiingiza kabari. Akatoa skrubu za bawaba ya juu. Zilikuwa fupi, na matundu yake yalikuwa yamepanuka mpaka unga wa mbao ukamwagika. Akayaziba kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, akaviacha vikauke, kisha akakaza skrubu mpya zilizo ndefu maradufu, zinazoingia ndani ya mwimo kwenye mbao ambayo haijachoka. Kitasa alikiweka mwisho.

Nilipoitundika tena mizani kwenye sentimita 75, ilisoma gramu mia tatu na kitu kabla mlango haujaondoka wenyewe. Mpwa wangu akaenda upande wa bawaba, pale pale alipokuwa amekwama siku ile, akausukuma. Ukafunguka. Akaniangalia kana kwamba nilikuwa nimemdanganya muda wote, na ikabidi tuchukue mizani tuanze kupima upya, sentimita 25, kilo moja kasoro.